Saa ya Mkononi na Miaka ya Kazi: Historia ya Hotuba Fupi ya Kumuaga Mstaafu, kwa Mfano wa Vuhovi

1. Utangulizi

Makala hii inahusu hotuba isiyozidi dakika tano. Hutolewa na mkuu wa kazi mbele ya wafanyakazi wenzake, siku ambayo mmoja wao anaiacha kazi baada ya utumishi wa miaka mingi, na humalizika kwa kumkabidhi saa ya mkononi. Wataalamu wa fasihi simulizi wameandika mengi kuhusu nyimbo za harusi, maombolezo na majigambo. Hotuba hii ya ghalani au ya ofisini haijapata bahati hiyo, labda kwa sababu huonekana kuwa adabu tu, maneno ya kujaza nafasi kabla ya soda na sambusa.

Tutajaribu kuonyesha kwamba sivyo. Hotuba hii ina historia, na historia hiyo ni ya mambo mawili yaliyokutana: saa kama zawadi, na miaka ya kazi kama kitu kinachohesabika. Tena, ina hatari zake katika Kiswahili ambazo hazimo katika Kifaransa, lugha ambayo wakuu wengi wa kazi katika Kivu ya Kaskazini hufikiria kwayo wanapoiandaa. Mwisho, ina uzito wa ushahidi: miaka inayotajwa mbele ya watu ni miaka ambayo mtu anaweza kuja kuidai. Tutafuata mambo hayo kwa utaratibu, kisha tutayapima kwa sherehe moja niliyoihudhuria Vuhovi, katika utawala wa Bashu, mashariki ya mji wa Butembo.

2. Saa kama zawadi

Saa iliingia katika nchi za maziwa makuu ikiwa zawadi kabla ya kuwa chombo cha kazi. Mwaka 1862, msafiri Mwingereza Speke alipofika katika baraza la Kabaka Muteesa wa Buganda, alitoa zawadi za bunduki, vitambaa vya hariri, shanga na vitu vingine, na kati yake ilikuwamo saa ya dhahabu. Mgeni ndiye aliyempa mwenyeji, tena mdogo akampa mkubwa, na aliitoa mwanzoni mwa uhusiano ili apewe njia ya kwenda alikotaka. Saa ile haikuwa na kazi yoyote katika jumba la kifalme, kwani hapakuwa na mtu aliyengojewa na dakika. Ilikuwa kitu adimu, nacho kitu adimu humstahili mfalme.

Zawadi ya kumshukuru mtumishi ilichukua njia nyingine. Baada ya Livingstone kufariki mwaka 1873, wapagazi wake waliubeba mwili wake hadi pwani, safari ya miezi mingi kwa miguu. Jumuiya ya Kifalme ya Jiografia ya Uingereza iliagiza nishani 60 za fedha kwa ajili yao, zikiandikwa kwamba mwenye nazo amekuwa mwaminifu hadi mwisho. Nishani zilipofika Zanzibar, wengi wa wapagazi walikuwa wamekwisha kutawanyika kwenda katika safari nyingine. Msomaji atazame jambo hilo kwa makini, kwa sababu litarudi. Shukrani ilitengenezwa vizuri, ikaandikwa vizuri, lakini ilimkosa anayeshukuriwa, kwa kuwa mpagazi alikuwa mtu wa mkataba wa safari moja. Safari ikiisha, hakuna nyumba inayoendelea kumjua.

Nishani ile na saa ya mstaafu ni ndugu. Zote mbili hutolewa na mkubwa kwa mdogo, zote hutolewa mwishoni, na zote husifu uaminifu zaidi ya ustadi. Tofauti ni kwamba nishani hutazamwa tu, na saa hutembea. Desturi ya kumpa mstaafu saa ilikomaa katika Ulaya na Marekani, katika makampuni ya reli, mabenki na viwanda, mahali ambapo mfanyakazi alikuwa ameamshwa na kengele kwa miaka 30 au 40. Huko ilieleweka bila maelezo: wakati ulikuwa wa kampuni, sasa unarudishiwa mwenyewe. Ili maana hiyo ieleweke kwetu, ilibidi kwanza kazi yenyewe igeuzwe kuwa wakati.

3. Jinsi miaka ya kazi ilivyozaliwa

Neno letu *kibarua* ni shahidi wa hali iliyotangulia. Limetokana na barua, yaani kile kikaratasi alichopewa mtu kwa kazi ya siku, akakirudisha jioni apokee malipo yake. Katika bandari ya Mombasa utaratibu huo uliendelea kwa miongo mingi. Mtu alifanya kazi siku aliyotaka, akalima au akavua siku nyingine. Nchini Kenya, mwajiriwa wa shamba alifanya kazi kwa tikiti ya siku 30 za kazi, na siku ambayo hakufika haikuhesabiwa. Katika mpango kama huo hakuna mstaafu. Siku 30 zikiisha, huanza nyingine 30, na mtu anaweza kuzeeka katika tikiti bila kuwa na mwaka hata mmoja ulioandikwa.

Mambo yalibadilika pale waajiri walipoona kwamba kubadilisha watu kila mara kunawagharimu. Huko Katanga, kampuni ya Union Minière ilianza mwaka 1928 kupendelea mikataba ya miaka mitatu, ikiwaruhusu wafanyakazi kuishi kambini pamoja na wake na watoto wao. Huko Mombasa, migomo ya mwaka 1939 na 1947 iliwasukuma watawala kwenye njia hiyohiyo: mfanyakazi wa kudumu badala ya kibarua. Ndipo kila mtu akapata jalada lake, na ndani ya jalada tarehe ya kuingia. Katika Kongo ya Wabelgiji sheria ya mwaka 1956 ilianzisha pensheni ya wafanyakazi, na baada ya uhuru, mwaka 1961, ikaundwa Taasisi ya Kitaifa ya Hifadhi ya Jamii. Tangu hapo miaka ya kazi ikawa na bei. Mwajiri akata sehemu ya mshahara, aongeze sehemu yake, apeleke zote, na kila mwezi uliopelekwa ni tofali moja la nyumba ambayo mtu ataiingia uzeeni.

Hotuba ya kumuaga mstaafu inahitaji basi kitu kimoja ambacho si ufasaha: nyumba ya kazi iliyodumu muda mrefu kama mfanyakazi wake. Hapo ndipo historia ya nchi yetu inapoifanya kuwa ngumu. Tarehe 30 Novemba 1973 serikali ya Zaire ilitangaza kwamba mashamba na biashara za wageni zitakabidhiwa wananchi. Mfanyakazi alilala chini ya mwajiri mmoja akaamka chini ya mwingine, na majalada mengi hayakuvuka usiku ule. Ukaja uporaji wa mwaka 1991 na 1993, kisha vita vya 1996 na 1998, na kwa miaka kadhaa Butembo na Beni zilikuwa chini ya utawala wa waasi, mbali na Kinshasa ambako ndiko yalikokuwa makao ya Taasisi. Kwa hiyo si ajabu kwamba hotuba hizi zimesikika zaidi katika nyumba zilizodumu: misheni, shule na hospitali za makanisa, na baadhi ya nyumba za biashara zilizobaki mikononi mwa ukoo mmoja.

Mfano mwingine wa Katanga unaonyesha kinyume chake. Mwaka 2003, Gécamines, mrithi wa Union Minière, iliwaondoa wafanyakazi zaidi ya 10,000 kwa mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari, kwa malipo ya mkupuo mmoja. Wengine walikuwa na miaka 25 na zaidi ya kazi. Watu elfu kumi hawaagwi mmoja mmoja. Kuondoka kwao kulikuwa foleni na sahihi, na wengi wamebaki wakisema kwamba hawakuagwa. Neno hilo si la malalamiko ya fedha peke yake. Mtu ambaye hakuagwa hajui kama ametoka au amefukuzwa.

4. Sherehe ya Vuhovi

Mwaka 2017 nilialikwa Vuhovi katika nyumba moja ya biashara ya kahawa. Mstaafu alikuwa mpima mizani. Aliingia kazini mwaka 1986, na kwa miaka 31 kila gunia lililoingia ghalani lilipita mbele ya macho yake. Meneja alikuwa mtu wa makamo, mpole, mdogo kwa mzee yule kwa miaka isiyopungua 20. Palikuwa na wafanyakazi, wakulima kadhaa, mkewe mzee na watoto wao, na padri wa kufungua kwa sala.

Lugha ziligawana kazi kama ilivyo desturi ya kwetu. Kifaransa kilitumika kusalimu wakubwa na kusoma cheti. Kinande kilitumika katika sala na katika mzaha. Moyo wa hotuba ulikuwa Kiswahili, kwa sababu ndicho kilichowafikia wote, pamoja na wachukuzi waliotoka Ituri na madereva waliotoka upande wa Uganda.

Meneja alisema vizuri hadi alipofika kwenye kisanduku. Hapo akasema: "Mzee wetu, sasa saa yako imefika." Mama mmoja akaziba mdomo kwa kitenge. Wazee wawili wakakohoa. Mke wa mzee akainamisha kichwa. Meneja alikuwa amefikiri kwa Kifaransa, ambako saa ya mkononi ina jina lake na saa ya siku ina jina lake, wala maneno hayo mawili hayagusani. Katika Kiswahili ni neno moja, na mtu mzima akiambiwa kwamba saa yake imefika, anaambiwa habari ya kifo.

Mzee hakukasirika. Alinyosha mikono yote miwili, akapokea kisanduku, akasema: "Saa imefika mkononi, baba. Mimi mwenyewe bado niko njiani." Watu wakacheka, na sherehe ikapona. Kisha akafanya jambo ambalo wengi hawakuliona. Aliitazama saa, akaiangalia saa ya ukutani, akavuta kifundo kidogo cha pembeni na kusogeza mishale mbele. Saa ilikuwa imenunuliwa Kinshasa na kurekebishwa hukohuko, na Kinshasa iko nyuma ya Kivu kwa saa nzima. Ukutani ilikuwa saa nne asubuhi, na zawadi ilisema saa tatu. Mtu aliyeisawazisha mizani yake kila alfajiri kabla ya gunia la kwanza hakuweza kuvaa chombo kinachosema uongo.

5. Maneno yenye hatari na maneno yenye msaada

Kosa la meneja linatufundisha kuyatazama maneno yenyewe. *Saa* imetoka katika Kiarabu, na hukohuko lina maana ya saa ya siku na pia ya Saa ya Mwisho, yaani Kiyama. Kiswahili kimerithi yote mawili, pamoja na la tatu, yaani chombo chenyewe. Hivyo msemaji ana njia mbili za kujilinda. Ya kwanza ni kuliambatisha neno na mkono: saa ya mkononi, saa ya kuvaa, saa hii. Ya pili ni kutolipa kiwakilishi cha kumiliki karibu na kitenzi cha kufika, kuisha au kutimia. "Saa hii ni yako" ni zawadi. "Saa yako imetimia" ni msiba. Maneno ni karibu yaleyale.

Jambo la pili ni nyakati za kitenzi. Niliwasikia wasemaji watatu siku ile wakisema "ulifanya kazi", "ulitupenda", "ulikuwa mwaminifu". Kiambishi *-li-* hufunga mlango. Ndicho tunachokisikia makaburini, na mtu aliye hai akisifiwa kwa *-li-* tupu huhisi baridi. Kiambishi *-me-* huacha tendo likiwa na matokeo yaliyo mbele yetu: "umefanya kazi miaka 31", "umetufundisha", "umekuwa baba kwa vijana hawa". Kanuni nzuri kwa msemaji ni kutumia *-li-* kwa tukio moja lenye tarehe, na *-me-* kwa mwenendo wa mtu. "Uliingia mwaka 1986, na tangu hapo umekuwa mtu wa kwanza kufika."

Jambo la tatu ni namna ya kumwita anayeagwa, nalo lina historia yake. Kuanzia mwaka 1972, chini ya siasa ya uhalisi ya Mobutu, kila mtu rasmi aliitwa *sitoyeni*, raia, na hotuba zilifunguliwa kwa neno hilo, mkubwa na mdogo wakiwa sawa kwa jina ingawa si kwa mshahara. Baada ya hotuba ya Mobutu ya tarehe 24 Aprili 1990 neno hilo lilififia haraka. Nafasi yake imejazwa na istilahi za jamaa: papa, mama, mzee, baba. Hizi zina nguvu ambayo *sitoyeni* halikuwa nayo, kwa kuwa zinageuza ngazi. Meneja ni mkubwa wa kazi, lakini akisema "mzee wetu" anajikiri kuwa mdogo wa umri, na kwa muda wa dakika tano anakuwa mtoto anayempa mzazi. Hapo ndipo zawadi inaporudi kwenye sura ya Muteesa: mdogo anampa mkubwa. Kwa hiyo ikabidhiwe kwa mikono miwili, na meneja ainame kidogo, si kumfunga mzee saa mkononi kama mtoto anayevalishwa.

La nne ni neno *kustaafu* lenyewe. Mitaani Butembo husemwa zaidi kwamba mtu amekwenda *retreti*. Lakini neno la vitabu lina hazina ndani yake. Asili yake ya Kiarabu ni kuomba kuachiliwa, kutoka katika mzizi uleule wa kusamehe. Mstaafu ni mtu anayeomba radhi ya kuondoka. Waswahili wa pwani hutakana radhi wanapoagana kwa muda mrefu, na wazee wa kwetu hawamwachi mtu aondoke na kinyongo. Hivyo ombi la msamaha si pambo katika hotuba hii, bali ndilo kiini cha zamani zaidi cha kuagana. Na kwa kuwa mstaafu ameomba kuachiliwa, mwajiri naye anapaswa kuomba, kwani katika miaka 31 hakuna nyumba isiyomkosea mtu wake.

6. Hotuba ya mfano

Kwa kuyazingatia hayo, nimetunga hapa hotuba ambayo meneja yule angeweza kuitoa. Ina hatua tano: kuwaita waliopo, kutaja tarehe ya kuingia, kusimulia tendo moja lililoonekana kwa macho, kuombana radhi na kutaja hesabu, na kukabidhi. Ikisomwa polepole inachukua dakika tatu hivi.

"Padri wetu, wazee, mama mwenye nyumba ya mzee wetu, watoto wake, wafanyakazi wenzangu: habari za asubuhi.

Mzee wetu, jalada lako ninalo hapa. Linasema kwamba uliingia katika nyumba hii mwaka 1986. Mwaka ule mimi nilikuwa bado shuleni. Leo ni mwaka 2017. Umefanya kazi nasi miaka 31, nami nataka kila aliyepo asikie hesabu hiyo.

Sitasimulia mengi. Nitasimulia moja. Nilipokuja hapa nikiwa mgeni, asubuhi ya kwanza nilikukuta ukiweka mawe ya mizani kwenye sahani, ukitazama, ukiyatoa, ukiyaweka tena, na wakulima wakingoja. Nilikuambia tuharakishe. Ukanijibu kwamba mkulima anaweza kungoja robo saa, lakini hawezi kungoja kilo yake irudi. Tangu siku ile sijakuharakisha tena, na hakuna mkulima aliyekuja kwangu kulalamika juu ya mizani.

Mahali tulipokukosea, na tumekukosea, tunaomba utusamehe. Nawe kama umetukosea, tumesamehe. Hesabu yako ya mwisho iko mezani kwangu, imeandikwa tarehe ya kuingia na tarehe ya leo. Utaisoma na mwanao kabla ya kutia sahihi.

Saa hii ya mkononi ni yako. Tumeirekebisha asubuhi hii kwa saa ya hapa Vuhovi. Miaka yote kengele yetu ndiyo iliyokuamsha. Kuanzia kesho saa hii haitakuamuru, itakujibu tu ukiiuliza. Ipokee, mzee wetu, na njia ya kuja kwetu usiisahau."

Msomaji ataona kwamba hakuna sifa nyingi. Hakuna "mchapakazi", "hodari" wala "mfano wa kuigwa", maneno ambayo yangemfaa mstaafu yeyote na hivyo hayamfai huyu. Tendo moja la mizani linasema uaminifu wake bila kuutaja. Ataona pia kwamba kifo hakikugusa maneno: saa "ni yako", haikufika wala kutimia. Na ataona kwamba hesabu imetangulia zawadi. Utaratibu huo nimeuweka kwa makusudi, kwa sababu ya yale yaliyotokea baada ya sherehe.

7. Hesabu

Soda zilipokwisha, mzee aliitwa ofisini kutia sahihi hesabu yake ya mwisho, ile ambayo kwetu huitwa *dekonti*. Mwanawe aliisoma. Mbele ya watu ilitajwa miaka 31. Karatasi ilisema 19. Nyumba ilikuwa imehesabu kuanzia mwaka 1998 tu. Miaka 12 ya mwanzo haikuwamo.

Sababu iliyotolewa inahitaji maelezo kidogo, kwa kuwa inawahusu wastaafu wengi wa kizazi kile. Mzee aliingia akilipwa kwa zaire. Mwezi Oktoba 1993 ilitolewa zaire mpya, na moja yake ilikuwa sawa na zaire za zamani milioni 3. Mwaka 1998 ikaja faranga ya Kongo, na moja yake ilikuwa sawa na zaire mpya 100,000. Tukizidisha, faranga moja ya mwaka 1998 ni zaire za zamani bilioni 300. Mhasibu akibadilisha michango ya mwaka 1986 kwa njia hiyo, anapata sifuri yenye desimali nyingi nyuma yake. Mhasibu yule aliona sifuri, akaamua kwamba hata miaka ni sifuri.

Hapo ndipo kosa lilipo, nalo ni kosa la kufikiri kabla ya kuwa kosa la fedha. Fedha inaweza kuoza, lakini muda hauozi. Mchango wa mwaka 1986 umekuwa si kitu, lakini mwaka 1986 wenyewe ulikuwa na miezi 12, na mzee alikuwa kwenye mizani. Haki zinazotokana na urefu wa utumishi huhesabiwa kwa miaka, si kwa thamani ya noti zilizolipwa wakati ule. Aidha, Kanuni ya Kazi ya mwaka 2002 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi, mkataba unapokwisha, cheti chenye tarehe ya kuanza na tarehe ya kumaliza. Cheti hicho hakiulizi faranga.

Mtoto wa mzee hakubishana kwa sheria. Alisema tu: "Papa meneja, umesema miaka 31 mbele ya padri." Meneja alikaa kimya kwa muda. Kisha akachukua kalamu, akafuta 1998 katika cheti, akaandika 1986. Hakuweza kufanya vinginevyo. Watu wapatao mia walikuwa bado uani, na kila mmoja wao alikuwa amesikia. Marupurupu ya ukongwe yakahesabiwa upya kwa miaka 31. Michango ya hifadhi ya jamii ya miaka ile 12, ambayo haikufika kunakohusika, ni shauri jingine. Nilipouliza mara ya mwisho lilikuwa halijakwisha.

8. Hitimisho

Tumeona kwamba hotuba ya saa ya mkononi imeunganisha zawadi ya zamani ya mgeni kwa mfalme, nishani ya mtumishi mwaminifu, na hesabu ya miaka iliyoletwa na mikataba ya karne ya ishirini. Kwa Kiswahili inahitaji uangalifu ambao Kifaransa hakiudai, kwa sababu neno moja linabeba chombo, wakati na mauti. Nayo si adabu tupu. Katika nchi ambayo majalada yameungua, fedha zimebadilika mara mbili na waajiri wamepokezana, kauli ya mkuu wa kazi mbele ya mashahidi inaweza kuwa hati pekee ambayo haikupotea.

Kwa watakaopenda kuchunguza zaidi, ningeshauri waanze na jambo dogo: katika kila sherehe wanayohudhuria, waandike idadi ya miaka iliyotajwa katika hotuba, kisha waombe ruhusa ya kuona idadi iliyoandikwa katika cheti. Pengo kati ya nambari hizo mbili litawaeleza historia ya nyumba ile kuliko hotuba nzima.

Mzee wa mizani bado anaivaa saa yake. Mwaka uliofuata alikwenda Kasindi kumtembelea binti yake, akavuka mpaka kwenda sokoni Mpondwe, upande wa Uganda, ambako saa iko mbele ya ile ya kwetu kwa saa moja. Aliniambia kwamba safari hiyo hakuisogeza mishale. "Kinshasa ilikuwa nyuma, Uganda iko mbele," alisema. "Mimi nimefanya kazi Vuhovi."